Shikamoo dada: umwiteje abiria usiyemjua

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nimeanza kazi ya kupokea abiria bandarini Dar es Salaam, upande wa boti za Unguja. Juzi nilimwambia mwanamke mmoja, "Shikamoo mama, nikusaidie?" akanijibu, "Mama yako yuko kwenu." Mchana wake nikamwita baba mmoja "kaka", nikaona amenuna. Umri wa mtu haujaandikwa usoni. Nitajuaje nani ni mama, nani ni dada, nani ni mzee?*

Marahaba, binti yangu. Nianze na huyo mama, maana nadhani umemsoma haraka. Unaamini alichukia kuzeeshwa. Inawezekana, lakini lisikilize tena jibu lake. Hakusema "mimi bado sijazeeka" wala "unanizeesha", maneno ambayo mwanamke aliyeguswa umri huwa nayo mdomoni tayari. Alisema mama yako yuko kwenu. Alichokataa ni undugu. Nje ya lango la bandari, kama ilivyo stendi ya mabasi, watu wa kwanza kukuita mama ni wapagazi na wapiga debe, na katikati yao wamo matapeli, na wote wana shikamoo tamu kuliko yako. Abiria mwenye nauli na simu mkobani akisikia "mama, nikusaidie" kutoka kwa mtu asiyemjua, kitu cha kwanza anachokishika ni mkoba. Huenda neno ulilochagua lilikuwa sahihi kabisa, ila hakujua wewe ni nani.

Huyo baba wa "kaka" ni kesi nyingine, nitamfikia.

Unaniuliza utajuaje umri wa mtu. Mimi nakwambia uache kwanza umri wake, uanze na wako. Majina haya hutembea kwa jozi. Ukimwita mtu mama, umejiita mwanawe. Ukimwita dada, umejiweka ubavuni pake. Ukimwita mdogo wangu, umekaa juu yake. Kwa hiyo hakuna orodha ya kusema mwenye miaka 40 ni mama na mwenye miaka 35 ni dada. Mwanamke yuleyule wa miaka 40 kwako anaweza kukaribia umama, kwa mwenzako wa kaunta mwenye miaka 38 ni dada, na kwa mkuu wenu wa zamu mwenye miaka 55 ni mdogo wake. Wafanyakazi wapya huharibu hapa. Wanamsikia mwenzao mkubwa akimwita abiria "dada", nao wanalidaka neno hilohilo, halafu wanashangaa kwa nini yeye alichekewa na wao wamekunjiwa uso.

Kipimo kilicho karibu nawe ni watu wa kwenu. Mtazame abiria, ujiulize angekaa na nani nyumbani kwenu kama rika lake. Angekaa na mama yako? Huyo ni mama, na shikamoo ni haki yake. Angekaa na kaka au dada yako wa kwanza? Huyo ni kaka au dada. Ukiona angekaa na mdogo wa mwisho wa mama yako, yule ambaye hujawahi kuwa na uhakika kama ni mzazi au mkubwa wako, hapo ndipo penye tabu, na kwa mtu wa miaka 26 wanaodondokea hapo ni wengi: wanawake wa tangu thelathini na tano hivi mpaka arobaini na tano. Nitakaa nao, kwa sababu hao wengine hawakusumbui sana.

Kwanza tenganisha vitu viwili unavyovitoa kwa pamoja. Kuna salamu, na kuna jina unalomwitia mtu. Kwa mazoea ya bara umefundishwa kwamba shikamoo inakwenda na mama, na habari inakwenda na dada, kama vile ni seti. Siyo seti. Jaribu kuvichanganya uone. "Habari za asubuhi, mama" ni salamu ya mtu mzima kwa mwanamke mwenye heshima zake. Humfanyi mzazi wako, unaitambua hadhi yake tu. "Shikamoo dada" nayo hufanya kazi ambayo neno jingine lolote haliifanyi: inakiri kwamba amekuzidi miaka, bila kumfanya akuzae. Wengi tumekua tukiwaamkia dada zetu wakubwa hivyohivyo, kwa hiyo halina ugeni masikioni. Mwanamke wa miaka 42 aliyevaa vizuri anayeelekea Unguja kwenye mkutano, "shikamoo mama" inaweza kumkwaza, na "mambo dada" inamshusha. "Shikamoo dada" hujibiwa "marahaba mdogo wangu", na huyo mdogo wangu ndiyo ruhusa yako ya kuendelea.

Tena salamu inaweza kutangulia peke yake, jina likangoja. "Samahani, habari za asubuhi?" ni sentensi kamili isiyo na dada wala mama ndani yake. Iseme kwa utulivu, kisha nyamaza usikilize, kwa sababu jibu lake karibu kila mara litakuja na jina lako. "Nzuri, mwanangu": amejifanya mzazi, mwite mama. "Nzuri, mdogo wangu": amechagua udada. "Nzuri tu, dada": amekupandisha hadi ulingane naye, hata kama unaona wazi amekuzidi, basi usimrudishie mama, anajua anachokifanya. "Salama", basi, bila kitu: huyo hataki ukaribu wa aina yoyote, na utamhudumia vizuri zaidi kwa sentensi fupi zisizo na jina la undugu. Hiyo ndiyo njia ninayowafundisha watu wa mapokezi kuliko kukisia miaka. Anayejua umri wake ni yeye, na anayejua anataka umri huo utajwe namna gani ni yeye pia.

Kabla hata ya kufungua mdomo, sikiliza wanaosafiri naye. Binti wa rika lako akimwambia "mama, shika tiketi yako", kazi yako imeisha. Na hapo ujihadhari na kosa la upande wa pili: mwanamke huyo hata angekuwa na sura ya msichana, usimwite dada mbele ya mwanawe mwenye miaka yako. Utakuwa umemsifu yeye na kumvunjia heshima binti, na mama mwenyewe hatapenda, maana umama mbele ya watoto wake ni cheo.

Alama nyingine nyingi hudanganya. Unene hudanganya. Buibui na ushungi hudanganya, kwa kuwa vinafunika nywele na shingo ambazo ungezitegemea, na wigi nalo hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Mtoto mgongoni ndiyo alama inayopotosha kuliko zote. Kliniki kila aliyebeba mtoto ni mama, hata awe na miaka 19, kwa sababu pale neno linataja kilichomleta. Makondakta nao husema "mpisheni mama mwenye mtoto", na hakuna anayekasirika, kwa kuwa wanaomba kiti. Lakini wewe ukimkaribia msichana wa miaka 22 mwenye mtoto ukamwita mama uso kwa uso, umejifanya mwanawe ilhali umemtangulia kuzaliwa. Huyo ni dada. Ukitaka kumpa heshima ya uzazi, mpe kupitia mtoto: "Hujambo dada? Mtoto hajambo?"

Sasa wanaume. Kwa wanaume hesabu ni tofauti, na maoni yangu ni haya: kwa mwanaume ukikosea, afadhali ukosee kwa kupandisha, kwa mwanamke wa mjini aliye kwenye ule ukanda wa katikati, afadhali ukosee kwa kushusha kidogo. Najua haina usawa, lakini ndivyo maneno yalivyozoeleka. "Mzee" limebeba umri na mamlaka kwa pamoja. Dereva humwita bosi wake wa miaka 38 mzee, na bosi hukaa vizuri kitini. Vijana wa rika moja huitana "mzee" kwa utani. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 45 akiitwa mzee na binti wa miaka 26, mara nyingi husikia cheo. Akiitwa "kaka" na binti huyohuyo, anaweza kusikia mambo mawili asiyoyataka: kwamba amenyimwa heshima yake, au kwamba anazoewa. Hilo la pili ndilo linalowanunisha baba za watu, hasa wakiwa na wake zao pembeni. Yule wako inawezekana alikuwa na mkewe hatua tatu nyuma. "Kaka" ya msichana mdogo, ikitoka na tabasamu refu, imewahi kusomwa vibaya mara nyingi.

Kwa huyo ungetumia "shikamoo baba" kama yuko rika la baba yako, au "habari za saa hizi, mzee wangu" kama huna uhakika. "Wangu" hiyo inalainisha. Mzee peke yake inaweza kusikika kavu, hata ya amri, kama askari anavyosimamisha gari. Ila "wangu" usiipake kila mahali. "Mama yangu", "baba yangu", vikirudiwa rudiwa na mtu asiyejulikana, vinafanana na sauti ya mwombaji au ya mtu anayetaka kuuza kitu. Mara moja kwenye salamu inatosha.

Kuna na njia ya mkato ya vijana wa mjini: kiongozi, mkuu, bosi, chifu. Zinakwepa umri kabisa, na ndiyo maana zimeenea. Kwa mwanaume wa umri wowote "kiongozi" hupita bila ugomvi. Mimi siipendi kwenye sare ya kazi, kwa sababu ndilo neno analotumia anayetafuta chenji ya soda, lakini sitakudanganya kwamba haifanyi kazi. Kwa wanawake njia hiyo haipo hivyo. "Mrembo", "mamii" na "bibie" si za kukwepa umri, ni za kuzoeana, na wewe ukiwa mwanamke bado hazikufai kazini. "Anti" hubaki katikati: wengine huipokea vizuri, wengine huona wameitwa kama dukani.

Nimesema neno moja hubeba umri na cheo kwa pamoja. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa mwaka 1960, huitwa Mama hata na wanaume waliomtangulia kuzaliwa, na hakuna anayedhani wamesahau hesabu. Kinachoamua msikilizaji ataisikia ipi kati ya hizo mbili ni sentensi inayofuata. "Mama, boti yako inapakia lango la kulia" ni mama ya cheo. "Mama, njoo nikushike mkono, ngazi hizi zina utelezi" ni mama ya magoti. Neno ni lilelile, lakini la pili limemweleza mbele za watu kwamba umemwona ni dhaifu. Ndiyo maana jina ambalo halikumkera mtu kwenye salamu linaweza kumkera mara tu linapofuatiwa na msaada.

Dawa yake ni kuutundika msaada kwenye kitu, usiutundike kwenye mwili wa mtu. Boksi ni zito, ngazi ina maji, foleni ni ndefu, lango limehamishwa. Hayo yote ni kweli na hayahusu umri wake. Badala ya "mzee, utaweza kupanda?" sema "mzee wangu, ngazi imelowa, naomba nikupokee huo mfuko mpaka juu." Na tumia "nikupokee". "Nikubebee" inamsikitikia, na kwa wengine ina harufu ya malipo. Kupokea ni jambo tunalomfanyia mgeni yeyote mlangoni, awe kijana au ajuza, awe na nguvu au hana. "Naomba" nayo ina kazi yake hapo: wewe ndiye unayeomba, kwa hiyo yeye ndiye anayekupa ruhusa.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie wote. Asubuhi, boti inaondoka baada ya nusu saa. Mwanamke anashuka kwenye bajaji, ana begi la magurudumu na boksi lililofungwa kamba, amevaa gauni refu na mtandio, miaka ni arobaini na kitu, au labda haijafika. Yuko peke yake, kwa hiyo hakuna wa kukusikilizisha jina lake. Usimfuate kutoka nyuma. Zunguka uje kwa mbele, usimame hatua mbili au tatu, mikono ikionekana, kitambulisho kikiwa kifuani na si mfukoni.

"Samahani, habari za asubuhi?"

"Nzuri, mdogo wangu."

Umeshapata jina. Sasa jitambulishe kabla ya kutaja mzigo, maana hiki ndicho ulichokiruka juzi: "Karibu, dada. Mimi ni mhudumu wa abiria hapa, nipo kwa ajili ya kuwaelekeza. Unakwenda na boti ya asubuhi hii?"

"Eeh, ya Unguja."

"Ukaguzi uko upande huu. Boksi lako naona zito, naomba nikupokee mpaka kwenye mashine."

Hapa usiangalie mdomo wake, angalia mikono. Akisema "asante" huku akilisogeza boksi kwako, amekubali. Akisema "asante, mdogo wangu" huku vidole vimekaza kamba, amekataa, na kwa adabu zetu hilo ni kataa kamili. Hatasema hapana waziwazi. Wapya wengi huisikia asante wakanyoosha mkono, na papo hapo imani yote inakufa. Jibu lako ni "haya dada, safari njema, lango ni lile lenye taa", halafu unaondoka kweli. Ukibaki unamzungukazunguka, umerudi kuwa mpagazi.

Kuna jibu la tatu: "Shilingi ngapi?" Usione umetukanwa. Amekuuliza swali ambalo abiria mwenye akili huliuliza kabla mzigo haujaondoka mkononi mwake. "Hulipi kitu, ndiyo kazi yangu", fupi, bila kucheka. Ukicheka ataona umemwona mshamba.

Sasa tuseme jina limekosewa. Ulimwamkia "shikamoo mama" na uso umebadilika, au amekujibu "mama?" kwa kupandisha sauti. Watu huharibu zaidi kwenye kuomba radhi kuliko kwenye kosa lenyewe. Wanaanza kujieleza: samahani, nilidhani umri wako, unajua na huo mtandio. Kila neno linazidi kuutaja umri. Badili tu jina kwenye sentensi inayofuata na uende kwenye jambo lenye faida kwake: "Samahani dada. Boti yako imehamia lango la pili, nikuoneshe?" Hapo umemwambia umesikia, na hujamlazimisha akufariji. Ikiwa kosa ni la upande wa pili, umemwita dada akajibu "marahaba" ilhali hukumwamkia, ujue umekumbushwa. Huo ni ujanja wa wazee wetu, wanakuitikia shikamoo usiyoitoa. Itoe basi, na kama umechelewa si neno: "Shikamoo mama, nisamehe." Wengi watacheka na kukuita mwanangu.

Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, au anayeongozwa kwa fimbo nyeupe, ana umri wake kama wengine, na jina lake linatokana na huo umri. Salimia yeye, si anayemsukuma. "Shikamoo baba, ungependa tupitie wapi?" aulizwe mwenyewe. Na abiria mwenye asili ya Uhindini au Uarabuni usimwanzie kwa Kiingereza wala usimtaje kwa rangi yake. Wengi wa wanaovuka hapo ni watu wa Unguja wa vizazi na vizazi, na Kiswahili chao kitakuaibisha wewe na mimi. Dada ni dada, mzee ni mzee.

Kwa kuwa boti zako zinaenda Unguja, kuna neno moja la kulichunga: bibi. Kwetu bara bibi ni mama wa mzazi wako, kwa hiyo kumwita hivyo mwanamke wa miaka 58 ni kumruka kizazi kizima. Kwa Waunguja bibi lina upana zaidi na heshima zaidi, na "Bi" ikitangulia jina la mtu ni adabu ya kila siku. Lakini huo ni utumiaji wao wenyewe kwa wenyewe. Wewe ukiona tiketi imeandikwa Zuhura, "Bi Zuhura" ni nzuri sana kwa mwanamke mtu mzima kutoka visiwani, nzuri kuliko mama. "Bibi" tupu iache, isipokuwa kwa ajuza kabisa. Kwa abiria wa kutoka Kenya ndiyo uiache zaidi, maana kwao bibi ni mke wa mtu, na ukimwuliza mzee kama huyo aliye naye ni bibi yake utapata jibu ambalo hukulitegemea.

Wakenya wa bara wana jambo jingine: shikamoo kati ya watu wazima haimo sana katika maisha yao ya kila siku. Wanaijua, wataiitikia, lakini mtu wa Nairobi mwenye miaka 45 anaweza kuona umemfanya mwalimu wa shule ya msingi. "Habari yako, mama" au "karibu, mzee" inatosha. Wa Mombasa na Lamu wako karibu zaidi na Unguja. Na yeyote akikuanzia kwa "asalaam alaykum", mwitikie kwanza salamu yake, shikamoo yako isubiri. Mwanaume wa kanzu na kofia naye si lazima awe shehe. Ni mtu aliyevaa kanzu. Mzee au kaka itamtosha mpaka usikie wenzake wanamwitaje.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza lakini nimelisikia kwenye kaunta nyingi. Ukishamwita mtu mama usoni, endelea kumwita mama ukimgeukia mwenzako, maana anasikia. "Msaidie huyu bibi" iliyotamkwa kwa mpagazi hatua moja kutoka kwake inafuta adabu zote za mwanzo. "Mpokee mama begi" ni fupi na haina "huyu", neno ambalo likielekezwa kwa mtu aliyesimama mbele yako humfanya mzigo mwingine wa kusogezwa. "Wewe" iepuke kwa namna hiyohiyo. "Mama, tafadhali" humfikia mtu. "Wewe mama" humsimamisha kama aliyeiba.

Ukishika kipaza sauti, majina yote ya undugu yaweke chini. Hapo ndipo "ndugu" inapofaa: ndugu abiria. Neno hilo lilipata uzito wa kiserikali zama za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwa nia ya kumwita kila mtu sawa bila ubwana, na kwa umati bado linaifanya kazi hiyo vizuri kuliko jingine lolote. Lakini usimwendee nalo mtu mmoja. "Ndugu, naomba tiketi" uso kwa uso husikika kama barua ya kuitwa ofisini. Na ukiukuta ukoo mzima umesimama na mabegi, bibi, wazazi na vijana, tupa jicho kwa aliye mkubwa kuliko wote, mwamkie yeye kwanza kwa sauti ya kusikika, "shikamoo bibi", kisha "shikamooni" moja kwa wazazi, kisha "habari zenu" kwa rika lako. Ukianzia kwa kijana aliyeshika tiketi kwa sababu ndiye mwenye haraka, utakuta wakubwa wote wamegeukia baharini.